Tovuti Imehamia HTTPS, Mbona Kikokotoo Kimegoma?

Tuchukue mfano wa duka la vitenge lenye tovuti yake, ambayo tutaiita example.com, jina lililotengwa rasmi kwa ajili ya mifano. Tovuti hiyo ilijengwa mwaka 2016 kwa WordPress. Ina picha za vitambaa, ina kikokotoo kinachompigia mteja hesabu ya bei kwa yadi anazotaka, na chini kabisa ina nembo ya kiwanda inayochotwa kutoka kwenye seva ya kiwanda chenyewe. Miaka yote anwani ilianza na http://. Juzi mwenye duka ameweka cheti cha bure cha Let's Encrypt, huduma iliyoanza kutoa vyeti kwa umma mwishoni mwa mwaka 2015, na sasa tovuti inafunguka kwa https://.

Kesho yake wateja wanapiga simu. Kikokotoo hakihesabu. Maandishi yamebadilika sura. Nembo ya kiwanda haipo, pamebaki mraba mtupu. Cha ajabu, picha za vitenge zinaonekana kama kawaida. Hakuna aliyegusa kikokotoo wala nembo, na faili zote ziko palepale zilipokuwa kwenye seva.

Sababu iko katika namna ukurasa unavyofika kwenye simu ya mteja. Kivinjari hakipokei ukurasa mzima kwa mkupuo. Kwanza kinaletewa maandishi ya HTML, kisha kinayasoma na kukuta humo anwani za vitu vingine: picha, faili za mtindo, fonti, na skripti, yaani zile programu ndogo zinazofanya vitufe na vikokotoo vifanye kazi. Kila anwani kinaiombea safari yake. Cheti kipya kimelinda safari ya kwanza tu, ile ya HTML. Ndani ya HTML hiyo bado zimo anwani zilizoandikwa mwaka 2016:

```html
<img src="http://example.com/wp-content/uploads/2016/05/kitenge.jpg">
<script src="http://example.com/js/kikokotoo.js"></script>
```

Ukurasa uliokuja kwa njia iliyofichwa unaagiza vitu kwa njia ya wazi. Hali hii mafundi huiita maudhui mchanganyiko, na vivinjari vina sheria kali juu yake.

Sheria hizo hazivitendei vitu vyote sawa. Skripti, faili za mtindo, fonti na kurasa zilizopachikwa ndani ya ukurasa, kama vile ramani, vinazuiwa kabisa. Firefox ilianza kuvizuia bila kumwuliza mtumiaji katika toleo la 23, Agosti 2013, na leo vivinjari vikubwa vyote hufanya hivyo. Ndiyo maana kikokotoo kimegoma na maandishi yamebadilika sura: skripti na fonti hazikupakuliwa.

Ukali huo una msingi. Mteja akiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa, data inayosafiri kwa http:// inaweza kusomwa na kubadilishwa na yeyote anayeudhibiti mtandao huo. Akiibadilisha skripti moja tu, anautawala ukurasa mzima, kwa sababu skripti ina uwezo wa kusoma kila kinachoandikwa kwenye fomu na kubadilisha kila kinachoonekana, ikiwemo namba ya kulipia kwa simu. Mteja atatazama juu, ataona anwani ya https://, atalipa kwa imani, na fedha itaingia kwa mtu mwingine. Laiti kivinjari kingeiruhusu skripti hiyo, ulinzi wa ukurasa ungekuwa wa jina tu.

Picha, sauti na video zilihesabiwa kuwa na hatari ndogo, kwa hiyo kwa miaka mingi ziliruhusiwa zipite huku kivinjari kikionyesha onyo karibu na anwani. Lakini hatari ndogo si usalama. Anayevizia njiani huona ni picha zipi mteja anazifungua, na anaweza kuweka picha yake badala ya ya duka. Duka lililoandika namba yake ya malipo ndani ya picha ya tangazo lina kila sababu ya kuliogopa hilo.

Siku hizi vivinjari vimechukua hatua nyingine. Kikikuta anwani ya picha inayoanza na http:// ndani ya ukurasa wa HTTPS, kivinjari chenyewe huigeuza kuwa https:// kabla ya kuomba. Chrome iliingiza mabadiliko haya mwaka 2020, na Firefox ikafuata katika toleo la 127, Juni 2024. Hapo ndipo fumbo la simu za wateja linapofumbuka. Picha za vitenge ziko kwenye seva ya duka, ambayo sasa ina cheti, kwa hiyo anwani iliyogeuzwa ilipata jibu. Nembo iko kwenye seva ya kiwanda, ambayo haina HTTPS. Kivinjari kiligeuza anwani, hakikujibiwa, na hakirudi nyuma kujaribu http:// tena. Mwenye simu yenye kivinjari cha zamani huenda akaiona nembo hiyo pamoja na onyo, na ndiyo maana malalamiko ya wateja hayafanani.

Kwa hiyo kutazama ukurasa kwa macho hakutoshi. Fungua tovuti kwenye kompyuta kwa Chrome au Firefox, bonyeza F12, chagua sehemu iitwayo Console, kisha pakia ukurasa upya. Kwa kikokotoo chetu Chrome itaandika maneno kama haya:

```
Mixed Content: The page at 'https://example.com/' was loaded over HTTPS, but requested an insecure script 'http://example.com/js/kikokotoo.js'. This request has been blocked; the content must be served over HTTPS.
```

Ujumbe huo unataja vitu vitatu unavyovihitaji: ukurasa wenye tatizo, aina ya kitu kilichoombwa, na anwani yake kamili. Nakili kila anwani inayotajwa, halafu zigawe mafungu mawili: zilizo kwenye tovuti yako na zilizo kwa watu wengine. Viungo vya kawaida vya kubofya vinavyompeleka msomaji kwenye tovuti nyingine ya http:// havimo katika hesabu hii, kwa sababu havipakii kitu chochote ndani ya ukurasa wako.

Anza na fungu la kwako. Wengi hukimbilia kuagiza seva ipeleke kila ombi la http:// kwenye https://. Agizo hilo linafaa kwa mgeni anayeandika anwani ya zamani, lakini kwa kikokotoo halisaidii chochote, kwani kivinjari huizuia skripti kabla ombi halijatoka kwenye simu. Seva haiwezi kuelekeza upya ombi ambalo halikuifikia. Dawa ni kubadilisha anwani pale zilipoandikwa.

Katika WordPress zimeandikwa sehemu mbili. Ya kwanza ni mipangilio: nenda Settings, kisha General, ubadilishe WordPress Address na Site Address zianze na https://. Tangu toleo la 5.7 la Machi 2021, ukurasa wa Site Health unaweza kukufanyia hivyo kwa kubofya mara moja, kama seva imekubali. Sehemu ya pili ni databesi, ambamo makala, kurasa na mipangilio ya mandhari vimehifadhi anwani nzimanzima, kila picha na ya kwake.

Kwenye databesi kuna mtego. Fundi mwenye haraka ataandika amri ya SQL ya kubadilisha http:// kuwa https:// kila mahali. Kwa makala za kawaida itafanya kazi. Lakini mipangilio mingi huhifadhiwa pamoja na hesabu ya urefu wa kila neno, hivi:

```
s:18:"http://example.com";
s:19:"https://example.com";
```

Anwani ya juu ina herufi na alama 18, ya chini ina 19. Amri ya SQL inaongeza herufi s na kuiacha hesabu ikisema 18. WordPress ikisoma inakuta hesabu haiendani na neno, inashindwa kuifumbua mipangilio yote iliyo kwenye safu hiyo, na tovuti inapoteza mpangilio wa kurasa au vipande vya pembeni bila maelezo. Chombo cha WP-CLI kinaifahamu hesabu hiyo na kuirekebisha. Chukua kwanza nakala ya databesi, kisha endesha:

```
wp search-replace 'http://example.com' 'https://example.com' --skip-columns=guid --dry-run
```

Neno --dry-run linaonyesha ni mangapi yangebadilishwa bila kugusa kitu. Safu ya guid inarukwa kwa sababu ni kitambulisho cha kudumu cha kila makala, haipakii picha. Idadi ikionekana ya busara, rudia amri bila --dry-run. Kama tovuti iliwahi kutumia www mbele ya jina, fanya hivyo hivyo kwa anwani hiyo. Baadhi ya programu za kupangia kurasa huhifadhi anwani kwa mtindo wa http:\/\/example.com, na huo nao utafutwe peke yake. Mwisho futa keshi, la sivyo seva itaendelea kutoa kurasa za jana. Anwani inayobaki baada ya hapo kwa kawaida imeandikwa kwa mkono ndani ya faili za mandhari, na hapo hapana budi kufungua faili lenyewe.

Fungu la watu wengine linataka uamuzi kwa kila kitu. Bandika anwani ya nembo kwenye kivinjari ukiwa umebadilisha http:// kuwa https://. Ikifunguka, badilisha anwani kwenye ukurasa na kazi imekwisha. Ikigoma, omba ruhusa ya kiwanda uihifadhi nembo kwenye seva yako, au iondoe. Kwa skripti ya watu wengine isiyo na HTTPS, tafuta huduma nyingine.

Kuna njia ya mkato ambayo kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huipendekeza, nayo ni kuiambia seva itume mstari huu pamoja na kila ukurasa:

```
Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests
```

Mstari huu unakiagiza kivinjari kigeuze anwani zote za ukurasani kuwa https://, skripti zikiwemo. Kikokotoo kitafufuka papo hapo, na kwa tovuti yenye maelfu ya kurasa za zamani ni nafuu ya kweli. Nembo haitarudi, kwa kuwa seva ya kiwanda bado haina HTTPS. Tena mstari huu unafunika anwani mbovu bila kuzirekebisha: siku mtu akihamisha tovuti kwenye seva nyingine na kuusahau, kikokotoo kitagoma upya, na hakuna atakayekumbuka kwa nini.

Usikubali kamwe ushauri wa kuwaambia wateja waingie kwenye mipangilio ya Chrome na kuruhusu maudhui yasiyo salama. Hapo unamwomba mteja ajivue ulinzi ili wewe usirekebishe anwani zako.

Ukitaka kujua kama kazi imekwisha, uondoe kwa muda mstari wa upgrade-insecure-requests kama uliuweka, fungua Console, kisha pitia ukurasa wa mbele, ukurasa wa bidhaa, ukurasa wa malipo na makala moja ya zamani yenye picha. Penye onyo, pana anwani uliyoiruka. Kurasa hizo zote zikipakiwa bila neno Mixed Content kutokea, rudisha mstari huo kama ulinzi wa ziada. Mwombe na mteja mmoja ajaribu kikokotoo kwenye simu yake mwenyewe, maana kompyuta yako inaweza kuwa imetunza nakala za zamani za faili hizo.