Kabla ya Kufunga Slack ya Ofisi

Ofisi zinazohama Slack huniambia maneno yaleyale: “Data tumeshapakua.” Nikiomba kuiona, naonyeshwa faili moja la zipu. Sura hii nilipanga iende kwa utaratibu, yaani kutoa data, kukata miunganisho, kisha kukabidhi umiliki, lakini hilo zipu litatuchelewesha.

Tuchukue wakala wa forodha wa Mombasa ambaye wafanyakazi wake wametumiana ankara na hati za mizigo kupitia Slack kwa miaka minne. Msimamizi anabonyeza Start Export, na baadaye barua pepe inamwarifu kwamba kazi imekwisha. Ndani ya zipu kuna folda ya kila chaneli, na ndani ya folda mna faili la JSON kwa kila siku iliyokuwa na mazungumzo. Maneno yamo. Ankara haimo hata moja. Mahali pake pana mstari kama huu:

```
"url_private": "https://files.slack.com/..."
```

Hicho ni kiungo tu. Ankara yenyewe bado imelala kwenye seva za Slack. Leo ukikibofya inafunguka, na ndiyo maana watu huridhika. Ofisi ikishafutwa kule Slack, kiungo hakifungui kitu. Tena katika mpango wa bure na ule wa Pro, zipu la kawaida hubeba chaneli za wazi peke yake. Mazungumzo ya faragha hayamo.

Kwa hiyo andika skripti ndogo ya kupita viungo vyote na kupakua kila faili, kisha linganisha idadi ya viungo na idadi ya faili zilizofika. Halafu zima intaneti, chagua mzigo mmoja wa mwaka juzi, utafute hati zake zote. Zisipopatikana, hujapakua data.

Kuna na wale wanaoshikilia kwamba ukiacha kulipa, akaunti imejifunga yenyewe. Upuuzi mtupu. Inashuka tu kwenye mpango wa bure: unaona ujumbe wa siku 90 zilizopita, na ule uliozidi mwaka mmoja hufutwa. Wafanyakazi waliokuwa wakiingia wanaendelea kuingia.

Miunganisho nayo ina pande mbili. Kuitoa Google Drive ndani ya Slack hakuhakikishi kwamba ruhusa iliyotolewa kwenye akaunti ya Google imeondoka. Ingia huko pia uiondoe. Na kama mfumo wa ofisi ulikuwa ukituma taarifa za meli kwenye chaneli, uelekezwe kwingine mapema, la sivyo taarifa zitapotea bila mtu kujua.

Kufuta kabisa ni kazi ya mtu mmoja, anayeitwa Primary Owner, na ni yeye anayeweza kumkabidhi mwingine cheo hicho, kwa nenosiri lake. Mara nyingi ni kijana aliyefungua akaunti siku ya kwanza. Mtafute leo, kabla hajaacha kazi na barua pepe yake kuzimwa.