Pesa Imekwenda kwa Namba Siyo: Andika Hivi

Tuseme mwenye kibanda cha vitunguu Kongowea, Mombasa, anamlipa muuzaji wake wa Karatina shilingi 2,400 kwa M-Pesa, na kidole kinateleza kwenye tarakimu moja. Jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini kabla pesa haijaondoka, kwa huduma ile ya Hakikisha, lakini halimshtui. Amezoea kwamba laini ya muuzaji imesajiliwa kwa jina la mkewe, na jina la mke halijui.

Wengi hapo hukimbilia kupiga simu, na mara nyingi simu hiyo ndiyo inayomwamsha mpokeaji akatoe pesa. Kwanza tuma ule ujumbe wa muamala, mzima kama ulivyo, kwa namba 456. Safaricom ikilipokea ombi na pesa ikiwa bado imo, inaweza kuizuia isitoke huku ikilishughulikia. Baada ya hapo ndipo umwandikie mpokeaji.

Na umwandikie nini? Hapa ndipo watu waungwana wanapofanana na matapeli bila kujua. Tapeli naye huanza kwa salamu, huomba radhi, humtaja Mungu, hulia kwamba pesa ilikuwa ya dawa ya mtoto. Kisha anaomba irudishwe kwa namba nyingine. Wapo wanaotuma pesa ya kweli kabisa, wakarudishiwa kwa namba ya pili, halafu wakaomba 456 irejeshe muamala wa kwanza. Mpokeaji mwema analipa mara mbili. Kwa hiyo adabu inayomtuliza mtu siku hizi ni kumwomba asitume chochote:

"Habari yako. Mimi ni muuza vitunguu Kongowea. Leo 10:15 AM nimekosea namba nikakutumia Sh 2,400. Angalia ujumbe wa MPESA uone jina langu."

"Nimeshaomba kampuni irejeshe. Naomba usiitoe wala usiitume kwa namba yoyote. Kampuni ikikuuliza, tafadhali kubali. Samahani kwa usumbufu. Asante."

Kila ujumbe hapo hauzidi herufi 160, kiwango cha SMS moja. Hauna kiungo cha kubonyeza, na hauulizi namba ya siri. Wala haumlaumu mtu, na kuna sababu: kama mpokeaji ana deni la Fuliza, pesa inayoingia hukatwa papo hapo kulilipa. Huenda hajagusa hata senti, na bado akaunti yake haina kitu cha kurejesha.

Sasa, jina lililotokea ni la Kikikuyu, na mwenye kibanda anahofia kwamba huyo labda ni mzee asiyesoma Kiswahili vizuri. Ni wazo zuri kumwandikia kwa lugha yake, mradi Kiswahili kitangulie na tafsiri ifuate katika ujumbe wa pili, ili aone kwamba yote mawili yanasema jambo moja. Ampe jirani anayezungumza Kikikuyu aifanye. Ikitoka kwenye programu ya simu, basi jirani aisome kabla haijatumwa. Jina, kiasi na saa vibaki kama vilivyo kwenye ujumbe wa MPESA. Saa hasa. Ukiandika "saa nne na robo", mfasiri asiyeangalia ataandika 4:15, na mpokeaji akilinganisha na 10:15 AM iliyoko kwenye simu yake ataamini anaibiwa, tena kwa haki yake. Jingine dogo: herufi za Kikikuyu zenye alama juu, ĩ na ũ, hupunguza nafasi ya SMS kutoka herufi 160 hadi 70, hivyo ujumbe mmoja hukatwa vipande na kukutoza zaidi. Ziandikwe i na u tu. Wasomaji wamezoea.

Aliye upande wa pili asijibu kabla ya kuhakikisha mambo mawili: kwamba taarifa ya pesa imetoka kwa MPESA wala si namba ya kawaida ya simu, na kwamba salio lake, akiliangalia kwa *334#, kweli limeongezeka. Kama limeongezeka, asiiguse pesa, aache kampuni ifanye kazi yake.

Akikataa, au akiwa ameshaitumia, 456 haitakusaidia, na njia inayobaki ni kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018 inamhesabu mtu anayeficha kwa makusudi malipo yaliyomfikia kimakosa kuwa mkosaji, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini usiiandike sheria hiyo kwenye ujumbe wa kwanza. Vitisho navyo ni mtindo wa matapeli.

Pesa ikirejea, mwandikie mara moja kwamba umeipata. Bila hivyo, mtu mwema anaweza kukutumia 2,400 nyingine kutoka mfukoni mwake akidhani bado unasubiri.