Mipaka Miwili ya Gesi Katika Hewa

Watu wengi hudhani kwamba gesi ikikutana na cheche, popote iwapo na kwa kadiri yoyote iwayo, hulipuka. Walakini hakika ni kwamba gesi haiwaki ila ikiwa imechanganyika na hewa kwa kadiri maalumu, yenye mpaka wa chini na mpaka wa juu. Kwa gesi ya kupikia, ambayo aghalabu ni propani na butani, mpaka wa chini ni kama sehemu 2 katika kila sehemu 100 za mchanganyiko, na wa juu ni kama sehemu 9. Ikipungua chini ya hapo, joto la cheche hupotea kabla moto haujaenea. Ikizidi juu ya hapo, oksijeni haitoshi kuulisha.

Tuchukue mathalan jiko dogo la matofali hapa Katoto, la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5, ambalo kwa baridi ya usiku wa mwezi wa Juni limefungwa mlango na dirisha. Ndani yake mna hewa lita 15,000, na sehemu 2 kwa mia ni lita 300. Kwa kuwa kilo moja ya gesi iliyo majimaji mtungini hutanuka ikawa takriban lita 500, zatosha gramu 600 tu, yaani sehemu moja ya kumi ya mtungi wa kilo 6, kulifanya jiko zima liwe tayari kulipuka.

Na hiyo ni hesabu nafuu, kwani yadhani kwamba gesi imeenea sawasawa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Ikijikusanya katika nusu mita ya chini, gramu 120 zatosha, nazo zaweza kuvuja usiku mmoja kwa mpira uliopasuka. Na hapo chini ndipo ikaapo mbabula na makaa yake.

Uani uvujaji huo huo hupeperushwa na upepo. Chumbani gesi haina pa kutokea, na ikiwaka hutaka kutanuka kama mara nane, nazo kuta za matofali haziwezi kuistahimili.

Wala mtu asijione salama kwa kuwa gesi imepita mpaka wa juu: mlango ukifunguliwa, hewa huingia, kadiri ikashuka, nayo lazima ipite katikati ya mipaka. Kwa hiyo anusaye harufu asiwashe wala asizime taa. Afunge valvu ikiwa aifikia, afungue mlango, na kila mtu atoke.

Dirisha la juu peke yake halifai kitu kwa gesi iliyolala sakafuni: mjenzi na atoboe tundu la hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, lielekee nje.