Mechi ya Jumapili Huanza na Sahani ya Jumamosi

Mchezaji wa timu ya mtaani akiishiwa miguu dakika ya 70, wengi husema hana mazoezi. Huenda anayo, ila hakula ipasavyo. Misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glikojeni, na akiba hiyo ndiyo inayotegemewa zaidi katika mbio za kasi zinazojirudia. Ikipungua, mchezaji bado anaweza kutembea na kupiga pasi, lakini hawahi tena mpira. Kuijaza upya huchukua siku nzima au zaidi.

Tuchukue mfano wa kiungo mwenye kilo 70, fundi wa gereji Temeke. Anafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, na anacheza Jumapili saa kumi. Jumamosi aongeze wali, viazi au chapati katika kila mlo, na apumzishe miguu ili akiba ijae.

Jumapili asubuhi, uji na viazi vitamu vinatosha. Mlo mkuu uwe saa sita na nusu, ili tumbo lipate muda wa kutosha kabla ya filimbi. Kipimo kizuri ni gramu 2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 140. Gramu 350 za wali uliopikwa zina takriban 100, na ndizi mbivu mbili zinaongeza kama 50. Kitoweo kiwe kipande cha kuku au samaki wa mchuzi mwepesi. Chipsi zisubiri, kwa sababu mafuta hukawia tumboni. Maharage nayo huwajaza wengine gesi. Akicheua au akihisi tumbo zito wakati wa kupasha misuli, alikula kwa kuchelewa au alizidisha mafuta.

Baada ya mechi, maziwa mtindi na ndizi huanza kurudisha wanga na protini wakati mlo wa usiku ukiandaliwa. Akijipima kabla na baada ya mchezo, kila kilo iliyopungua anywe lita moja na nusu ya maji, kidogo kidogo.

Siku ya mazoezi, tatizo lake ni pengo refu kati ya chakula cha mchana na saa kumi na moja. Vipande viwili vya mkate na chai ya sukari saa tisa na nusu vinaliziba. Usiku ale ugali wa kutosha, dagaa na mboga. Siku asiyocheza wala kufanya mazoezi, apunguze ugali kwa theluthi na kuongeza mboga na maharage. Dagaa, mayai au samaki vibaki vilevile.

Chakula kigeni kisijaribiwe Jumapili. Akijaribu Alhamisi na tumbo likakataa, atakuwa amepoteza zoezi moja tu. Mwenye kisukari apange vipimo hivi na daktari wake.