Maneno Machache Mlangoni mwa Baa: Hesabu ya Usiku wa Mpira Kamanga

Anayeshuka kivukoni Kamanga, jijini Mwanza, siku ya mechi kubwa, aghalabu hukuta mlangoni mwa baa picha ya timu mbili na chini yake maneno machache: kiingilio, chakula na saa ya kufunga. Maneno hayo ni mapatano baina ya mwenye baa na mteja. Na mstari wa mwisho, unaoandikwa kwa haraka kuliko yote, ndio upasao kufikiriwa kwanza, maana ndio unaoiamua mingine.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya ya 2025, mjini Munich, ilianza saa 4 usiku kwa saa zetu, na ile ya 2026, mjini Budapest, ilipangwa kuanza saa 1 usiku. Mechi isiyozidi dakika 90 huchukua takriban saa mbili pamoja na mapumziko. Ikifika penalti, hukaribia saa mbili na dakika 45. Basi fainali ya saa 4 yaweza kupita saa 6 na nusu usiku, na mwenye baa ambaye leseni yake ya vileo imekoma kabla ya hapo hana budi kuzima kaunta mateso ya penalti yangali mbele. Ile ya saa 1 humalizika kabla ya saa 4, na mteja wa ng'ambo, upande wa Sengerema, huweza kupima kama atawahi kivuko au atazunguka kwa gari kupitia daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025.

Kiingilio nacho hulinda kiti. Tuchukue mfano wa baa yenye viti 60: mtu mmoja akikalia soda moja kwa saa mbili, kiti kimepotea, lakini kiingilio cha shilingi 3,000 kinachorudishwa kwa kinywaji huleta shilingi 180,000 kabla ya filimbi, na mteja haoni kuwa amedhulumiwa, maadamu tangazo limesema bayana kwamba hurudishwa.

Amma chakula, hasara huzaliwa katika dakika 15 za mapumziko, wateja wote wanapoagiza pamoja. Karai lenye nafasi ya sato sita, kila mkupuo ukichukua robo saa, hulisha watu sita tu. Kwa hiyo sato huagizwa mapema, na mapumziko huachiwa mishikaki na supu, vinavyongoja motoni.

Tangazo la fainali ya saa 1 lingesomeka hivi:

«Mlango saa 11 jioni. Kiingilio 3,000, hurudishwa kwa kinywaji. Sato na ugali: agiza kabla ya saa 1. Mapumziko: mishikaki na supu. Kaunta inafungwa saa 4 na nusu usiku, hata mpira ukifika penalti.»