Sikio Likiuma Baada ya Mafua: Je, Mtoto Anahitaji Antibiotiki?

Tuseme mtoto wa hapa Diani, miaka miwili na nusu, kilo 12, amekuwa na mafua siku nne. Usiku anaamka akilia na kushika sikio. Mara nyingi mafua yameziba mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio, majimaji yakajaa nyuma ya ngoma ya sikio na kuisukuma. Akilala huuma zaidi.

Kwanza tuliza maumivu. Kwa kilo 12, parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 hupewa mililita 5 kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa, kwani nguvu ya dawa hutofautiana, na upime kwa bomba la dawa, si kijiko cha chai. Sikioni usitie mafuta wala kitu chochote.

Antibiotiki haiondoi maumivu siku ya kwanza, na watoto wengi hupona ndani ya siku tatu bila hiyo. Kwa hivyo usinunue amoksilini kwa kubahatisha, wala usimpe iliyobaki ya nduguye. Huenda ikamharisha bure. Mpeleke kituo cha afya sikio lichunguzwe. Antibiotiki huhitajika zaidi usaha ukitoka, homa ikifika 39, maumivu yasipopungua baada ya siku mbili, au mtoto akiwa chini ya miaka miwili na masikio yote yanaugua. Akiandikiwa, amalize dozi.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, shingo kukakamaa au degedege, usingoje kukuche: nenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni.