Fundi wa Tovuti Anapoondoka

Tuseme nyumba ya wageni iliyoko Bagamoyo ina tovuti ya kupokea maombi ya vyumba, na fundi aliyeitengeneza anaacha kazi. Amemwachia mwenye nyumba karatasi mbili za makabidhiano. Wengi wangekimbilia kutafuta paswedi. Mimi ningeanza na swali hili: jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani?

Majina yanayoishia na .co.tz husajiliwa kupitia mawakala, kwa muda maalumu. Muda ukikaribia kuisha, ilani hutumwa kwenye barua pepe iliyoandikwa wakati wa kusajili. Kama ni ya fundi, mwenye nyumba hatajua lolote mpaka tovuti itoweke, pamoja na barua pepe zinazotumia jina hilo, hata kama seva imelipiwa na mafaili yote yapo. Jina na seva ni malipo mawili, mara nyingi kwa kampuni mbili. Karatasi itaje kila moja: kampuni, mwenye akaunti, tarehe ya kulipia.

Paswedi zisiandikwe humo. Zikae kwenye programu ya kuzitunza, karatasi itaje akaunti tu. Lakini hata paswedi sahihi haifui dafu kama namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu ya fundi. Dawa yake ni mwenye nyumba kuingia kila akaunti kwa simu yake mwenyewe, fundi akiwa bado ameketi hapo.

Halafu kuna nakala za akiba. Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili: hifadhidata, yenye maandishi ya kurasa, na folda ya `wp-content`, yenye picha na mwonekano. Ukinakili mafaili pekee, utabaki na picha za vyumba bila neno hata moja. Nakala ikikaa kwenye seva ileile, akaunti ikifungwa inakwenda nayo. Basi karatasi iseme nakala nyingine iko wapi, na lini ilijaribiwa kurejeshwa. Nakala ambayo haijajaribiwa siihesabu.

Kusasisha kuna mpangilio wake. Chukua nakala kwanza, kisha sasisha plagini moja moja. Kila baada ya moja, jaza fomu ya kuomba chumba kama mgeni uone kama ombi linafika. Ukurasa wa mbele unaweza kupendeza huku fomu imekufa. Tovuti ikigoma kufunguka, ingia kwenye mafaili ya seva, fungua `wp-content/plugins`, ubadilishe jina la folda ya plagini uliyoisasisha mwisho. WordPress itaiacha, na kama tatizo ni hiyo, tovuti itarudi.

Na kama kuna plagini ambayo fundi aliihariri kwa mkono, aitaje kwa jina, kwa sababu toleo jipya litafuta alichoandika.